Nisingaliuza Shamba, Ningekuwa na pa Kurudi

Sentensi iliyonifanya niandike makala haya ni fupi: "Nisingaliuza shamba, ningekuwa na pa kurudi." Aliyeitamka ni mlinzi wa zamu ya usiku katika jengo ninaloishi hapa Doha, mtaa wa Bin Mahmud. Ni mwana wa Kilifi, umri wake haupishani sana na wangu, nasi huzungumza kila ninaporudi kutoka maktaba na kumkuta ameketi kwenye kiti chake cha plastiki nje ya mlango, joto la usiku likiwa bado halijapungua. Yeye huniita Mwalimu, nami humwita ndugu yangu. Usiku ule tulikuwa tukizungumzia bei ya nauli za mwezi wa Desemba, akaitamka sentensi hiyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa.

Ninaona haya kusema kwamba kabla sijausikia msiba uliokuwamo, nilisikia kosa. Miaka mingi ya kusahihisha insha imenizoesha hivyo. Kanuni tuliyofundishwa shuleni, nami nikaifundisha kwa wino mwekundu, ilikuwa na ufupi wa amri ya jeshi: -nge- huenda na -nge-, -ngali- huenda na -ngali-, na anayechanganya amekosa. Kwa kanuni hiyo mlinzi alipaswa kusema ama "Nisingeuza shamba, ningekuwa na pa kurudi," ama "Nisingaliuza shamba, ningalikuwa na pa kurudi." Nilipanda lifti hadi ghorofa ya tano nikiwa tayari nimeshamsahihisha kichwani. Kabla ya kulala nilijaribu kuyapima masahihisho yangu, nikakuta kwamba hakuna hata moja linalosema alichokisema yeye.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na mwanafunzi yeyote anaweza kukitumia. Kila sentensi ya masharti yasiyotimia imesimama juu ya mambo mawili ya kweli ambayo haiyataji. Ukitaka kuyapata, geuza kila kishazi kiwe kinyume chake na ukiseme kama habari ya kawaida. "Nisingaliuza shamba": kumbe niliuza. "Ningekuwa na pa kurudi": kumbe sina. Sasa tazama wakati wa habari hizo mbili. Ya kwanza imekuja na -li-, kwa maana ni tendo lililokwisha, lenye tarehe yake. Ya pili imekuja na "sina", hali ya sasa ambayo msemaji yumo ndani yake anaposema. Habari ya wakati uliopita ilidai -ngali-, na habari ya wakati uliopo ikadai -nge-. Mlinzi hakuchanganya chochote. Alikuwa na mambo mawili ya nyakati mbili, akayapa kila moja kiambishi chake.

Ukiona shaka, tia vielezi vya wakati katika sentensi hiyohiyo moja: "Nisingaliuza shamba mwaka ule, ningekuwa na pa kurudi sasa." Kila kielezi kimepata kiti chake. Ukijaribu kuvibadilishana, yaani "sasa" kiende kwenye kuuza na "mwaka ule" kiende kwenye kuwa na pa kurudi, sikio litakataa. Masahihisho yangu ya kwanza, yale ya -nge- mbili, yanamfanya aonekane kama mtu ambaye shamba bado analo na anajadili kama aliuze. Ya pili, yale ya -ngali- mbili, yanaipeleka hasara yake katika wakati uliopita na kuiacha huko: kulikuwa na siku ambayo angalikuwa na pa kurudi, siku hiyo ikapita. Yeye hakuwa akizungumzia siku iliyopita. Alikuwa akizungumzia Desemba inayokuja.

Niseme kwa haki kwamba kanuni ya shule haikuzuka bure. Sentensi nyingi za masharti kweli zina habari mbili za wakati mmoja, na mwanafunzi anayeokoteza viambishi ovyo anahitaji kufungiwa njia kwanza. Kosa ni kuigeuza tahadhari ya darasani kuwa sheria ya lugha. Na kuna jambo jingine linalokitatiza kipimo changu: wazungumzaji wengi wa leo, hasa mijini, wameiacha -ngali- karibu kabisa. Husema "Ningejua jana, nisingekuja," na hakuna asiyeelewa. Kwao -nge- inabeba nyakati zote mbili, na mchanganyiko ninaouzungumzia hauonekani tena kwenye kitenzi, unabaki kwenye vielezi peke yake. Wengine, na nimewasikia zaidi Tanzania bara, wamepata njia ya kuuonyesha kwa kitenzi kisaidizi: "Nisingekuwa nimeuza shamba, ningekuwa na pa kurudi." Hapo -me- inafanya kazi iliyokuwa ya -ngali-, ya kuliweka tendo nyuma ya hali. Lugha inapopoteza chombo hutafuta kingine, na kule kutafuta kunaonyesha kwamba haja yenyewe ipo.

Kwa sisi tunaoishi ambako Kiarabu kiko pande zote, kuna ulinganisho ulio karibu. Kiarabu kina neno "lau", ambalo hata baadhi yetu wa pwani tunalitumia, na kazi yake ni kutangaza kwamba linalofuata halikuwa. Baada ya tangazo hilo vishazi vyote viwili kwa kawaida huja na kitenzi cha wakati uliopita, na msikilizaji huachiwa muktadha umwambie kama matokeo ni ya jana au ya leo. Kwa hiyo sentensi ya mlinzi ikitafsiriwa kwa Kiarabu bila kielezi, swali la kama hasara ilikwisha au inaendelea linaweza kubaki wazi. Kiswahili chenye -nge- na -ngali- kinamlazimisha msemaji alijibu.

Hadi hapo nilikuwa nimeyamaliza ya sarufi, nikaridhika kwamba mlinzi yuko sahihi na mimi nimekosa. Lakini sentensi inaweza kuwa sahihi na bado isiwe ya kweli, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Tunajuaje kama sentensi ya aina hii ni kweli? Huwezi kwenda kuitazama. Shamba liliuzwa, na pa kurudi hapapo. Dunia ambamo shamba halikuuzwa haina basi liendalo huko. Kinachodaiwa ni uzi unaounganisha mambo mawili ambayo yote hayakutokea.

Na sentensi yenye sharti la wakati uliopita na matokeo ya wakati uliopo inadai uzi mrefu kuliko zote. Anayesema "ningalikuwa" anadai kwamba jambo lingalifika hadi siku fulani ya zamani, akaishia hapo. Anayesema "ningekuwa" baada ya "nisingali-" anadai kwamba jambo hilo lingalifika siku ile, lipite mwaka uliofuata, lipite ugonjwa na mazishi na ukame, bila kukatwa na chochote, mpaka saa hii anaposema. Anadai kudumu. Hivyo kuna kipimo cha pili, nacho pia kinaingia katika sentensi moja: tia "mpaka leo" na uone kama msemaji bado yuko tayari kuapa. "Nisingaliuza shamba, lingekuwa mikononi mwangu mpaka leo." Baada ya hapo pita mwaka kwa mwaka na uulize ni wapi lingaliweza kuponyoka.

Usiku uliofuata nilimwomba anisimulie habari yote, nami nikapita nayo mwaka kwa mwaka. Sehemu yake ya shamba la baba ilikuwa kama ekari moja na nusu, yenye minazi na mikorosho. Mwaka 2019 aliiuza kwa jirani ili apate fedha za wakala aliyempeleka Qatar. Machi 2020, janga la korona lilipofika na sehemu ya Eneo la Viwanda ikafungwa, yeye alikuwa mmoja wa waliofungiwa ndani yake. Mshahara ukapungua. Akatamani kurudi, akajiuliza anarudi wapi. Mwaka uliofuata baba yake akafariki. Mwaka 2022 akatokea mnunuzi kutoka mjini aliyetaka eneo zima liwe kipande kimoja. Nduguze wawili wakauza sehemu zao, na jirani naye akauza ile aliyoinunua. Leo pana ukuta wa mawe ya matumbawe na lango la chuma.

Nikadhani nimepata kitu cha kumfariji. Nikamwambia hivi: mwaka 2020 sentensi yako ilikuwa kweli tupu. Nisingaliuza shamba, ningalikuwa na pa kurudi mwaka ule wa korona. Hilo halina ubishi, kwa sababu kati ya 2019 na 2020 hapakuwa na kitu ambacho kingaliling'oa shamba mikononi mwako. Lakini unaposema "ningekuwa", unavuka mwaka 2022. Na mwaka 2022 wote waliuza. Mnunuzi alitaka kipande kizima. Nduguzo wangalikupigia simu hapa Doha usiku na mchana, wangalikuambia kwamba wewe peke yako ndiwe unayezuia, nawe ukiwa mbali, unahitaji fedha, ungalikubali. Kwa hiyo shamba lingalikwenda hata kama usingaliliuza mwanzo. Sentensi ya wakati uliopita ni kweli, na ya wakati uliopo si kweli. Tofauti yao ni silabi moja, na mzigo unaoubeba umekaa katika silabi hiyo.

Nilijisikia vizuri nilipomaliza. Nilikuwa nimeonyesha jambo ambalo kanuni ya shule haiwezi kuliona, kwamba ukibadilisha -nge- kuwa -ngali- kwa ajili ya mapatano ya viambishi unaweza kuugeuza uongo kuwa ukweli, au ukweli kuwa uongo. Isitoshe, nilikuwa nimemtua mtu mzigo wa lawama.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, wangalinipigia simu wapi? Nisingaliuza, nisingalikuwa huku. Ningalikuwa pale pale, naamka asubuhi napalilia. Yule mtu angalikuja, angalinikuta nimesimama shambani."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimeitengua 2019, kisha nikamwacha Doha. Kuja kwake Doha kulikuwa tunda la kule kuuza, maana fedha za wakala zilitoka humo. Huwezi kuling'oa shina na tunda likabaki likining'inia hewani.

Mwanafalsafa Mmarekani Nelson Goodman aliliweka tatizo hili mezani mwaka 1947 kwa mfano wa njiti ya kiberiti. Tunasema kwamba njiti hii ingalisuguliwa, ingaliwaka. Tunaposema hivyo tunachukulia kwamba mambo mengine yabaki kama yalivyokuwa: njiti ilikuwa kavu, hewa ilikuwapo. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba njiti haikuwaka. Kwa nini tusilibakize na hilo? Mtu akilibakiza atafika kwenye sentensi ya ajabu, kwamba njiti ingalisuguliwa, isingalikuwa kavu. Ni lazima tuchague mambo yanayoweza kukaa pamoja na sharti letu na tuyaache yale ambayo sharti lenyewe lingaliyaondoa. Goodman alionyesha kwamba ukitaka kueleza ni yapi yanayoweza kukaa pamoja unajikuta unahitaji tena sentensi za "ingali", unazunguka mduara. Nimelifundisha hilo, na nimelitungia maswali ya mtihani. Mlinzi aliliona bila kusoma, kwa sababu ni maisha yake yaliyokuwa yakipangwa upya nami nikayapanga vibaya.

Basi sentensi yake ikafufuka. Haikufufuka kwa uhakika wote. Huenda angalisimama shambani na bado akauza, kama jirani mwenye shida zake alivyouza. Lakini swali sasa ni la tabia ya mtu na nguvu ya nduguze, na juu ya hayo ushahidi wake ni bora kuliko wangu.

Niligundua pia kwamba faraja yangu ilikuwa na kasoro nyingine. Ili nimwondolee lawama, nilimwambia kwamba tendo lake halikuleta tofauti. Sijui kama hilo ni zawadi. Mtu aliyeuza shamba la baba kwa hiari yake, kwa matumaini aliyoyafikiria vyema, ni mtu aliyetenda. Nikimwambia kwamba lolote angalifanya lingalifika palepale, ninampokonya lawama na tendo lenyewe kwa pamoja. Kuna majuto ambayo mtu hataki kunyang'anywa kwa sababu ndiyo ushahidi wake wa mwisho kwamba maisha yale yalikuwa yake.

Hapa msomaji Mwislamu atakuwa ameshalikumbuka onyo linalosimuliwa na Abu Huraira katika Sahihi Muslim, kwamba mtu akipatwa na jambo asiseme lau ningalifanya hivi ingalikuwa hivi, kwani lau hufungua kazi ya shetani. Mlinzi analijua, na alinitajia mwenyewe siku nyingine. Ninavyolielewa mimi, ambaye si mwanachuoni wa hadithi, onyo hilo linamlenga anayekaa ndani ya sharti akiugombeza wakati uliopita, ambao haujibu. Lakini kuna namna nyingine ya kuisema sentensi hiyohiyo, ambayo ni ya mtu anayehesabu. Kwani tazama kishazi cha kwanza. Kwa nini ndani yake yumo yeye? "Nisingaliuza." Mtendaji ni mimi. Je, tukimtia mwingine?

"Wakala asingalidai fedha, ningekuwa na pa kurudi." Pitisha sentensi hii katika vipimo vile vile. Wakala alidai: habari ya -li-. Sina pa kurudi: habari ya sasa. Sarufi inakubali. Uzi je? Asingalidai fedha, shamba lisingaliuzwa, na mwenyewe angalikuja Doha akiwa na shamba nyuma yake. Hapo ndipo ile hoja yangu ya simu inaporudi na kupata mahali pake halali, maana katika dunia hii yeye yuko huku, na nduguze wanaweza kumpigia. Ajabu ni kwamba sentensi inayomlaumu wakala ni dhaifu kidogo katika uzi wake kuliko ile inayomlaumu mwenyewe. Lakini ina kitu ambacho nyingine haina. Sheria ya kazi ya Qatar, namba 14 ya mwaka 2004, katika ibara ya 33, inamkataza mwenye leseni ya kuleta wafanyakazi kutoka nje kupokea malipo yoyote kutoka kwa mfanyakazi. Fedha za shamba zililipwa nyumbani, upande wa pili wa bahari, ambako mkono wa ibara hiyo haukufika. Anayeuza shamba lake hajavunja sheria yoyote. Anayechukua fedha ya shamba ili kumpa mtu kazi ambayo haikupasa kuuzwa amefanya jambo lenye jina.

Kuchagua nani akae ndani ya "kama" ni kuchagua nani ahukumiwe, na uchaguzi huo haufanywi na sarufi. Sarufi inaamua jambo jingine dogo lenye uzito: kama kesi bado iko wazi. Matokeo yakiwa na -ngali-, tunazungumzia hasara iliyokwisha, na anayedaiwa anaweza kusema pole na kuondoka. Yakiwa na -nge-, hasara inaendelea kutokea usiku huu, na kila asubuhi inayokuja inaongeza siku moja kwenye deni. Nikimkumbuka mwalimu wangu aliyetuchapa kwa kuchanganya viambishi, naona hakujua kwamba alikuwa akitufundisha kufunga kesi za watu mapema.

Wiki iliyopita nilimwambia mlinzi kwamba naandika juu ya sentensi yake, nikamwomba ruhusa. Akanitaka niirudie, maana alikuwa ameshaisahau. Nikaitamka polepole, -ngali- yake na -nge- yake. Akatikisa kichwa, akasema hakuisema hivyo.

"Nilisema nisingaliuza shamba letu," akasema. "Andika letu."

Nilikuwa na hakika kwamba hakulisema neno hilo. Nimeliandika.